Programu iliyokubali Raskazone ikafa Ngamiani

Mwisho wa mwezi, bamvua likiwa limekaribia, dada wa steshenari ya Ngamiani, Tanga, alinipigia simu. "Kaka, lile faili la maji linatoka tupu. Nimebonyeza mara tatu, tupu." Nyuma yake nikamsikia nahodha mmoja wa Deep Sea akiuliza kama karatasi yake imekwisha kuchapwa.

Karatasi anayoidai ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Kila mwezi programu yangu hupiga hesabu ya urefu wa maji kwa kila dakika 10, ikatafuta vilele na vina, kisha ikaandika saa zake. Dada huchapa, manahodha huchukua. Hapa Tanga maji ya bamvua yanaweza kupishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na mwenye ngalawa iliyolazwa kwenye matope anataka kujua saa yenyewe, hataki makisio. Kwa hiyo nilipoambiwa faili ni tupu sikungoja kesho. Nilichukua bodaboda kutoka nyumbani kwangu Raskazone.

Jana yake tu nilikuwa nimempelekea toleo jipya kwa flashi. Kwangu lilikuwa limefanya kazi bila kasoro, na nilikuwa nimelinganisha saa zake na za mwezi uliopita moja baada ya nyingine.

Dada huiendesha programu kwa kubonyeza alama kwenye skrini. Nyuma ya alama ile kuna skripti fupi inayoendesha programu na kuelekeza matokeo kwenye faili. Akibonyeza, hakuna dirisha linalofunguka, wala ujumbe wowote hauonekani. Nikafungua teminali na kuiendesha kwa mkono:

```
$ ./maji 2024-05
Bandari ya Tanga, Mei 2024
Illegal instruction (core dumped)
$ echo $?
132
```

Angalia jambo moja hapo. Kichwa cha jedwali kimetoka, lakini ndani ya faili la dada hata kichwa hakikuwepo. Hilo lingeweza kunipoteza njia nikadhani ni matatizo mawili. Sababu yake ni kwamba programu ikiandika kwenye teminali, kila mstari husukumwa nje unapokamilika. Ikiandika kwenye faili, maneno hukusanywa kwanza kwenye kumbukumbu na kumwagwa kwa mkupuo. Programu ikiuawa katikati, kilichokusanywa hufa nayo. Faili la baiti 0 kwa hiyo halithibitishi kwamba programu haikuanza. Iliweza kuanza, ikasoma data yake, ikafika mbali, ndipo ikauawa.

Namba 132 nayo inasema kitu. Programu ikiuawa kwa ishara, ganda la amri huonyesha 128 pamoja na namba ya ishara. 132 toa 128 ni 4, na ishara ya 4 ni SIGILL.

Dada alikuwa amesimama begani pangu akisoma ule ujumbe. "Illegal? Kwani tumeiba programu?" Nikamweleza kuwa neno hilo halihusu sheria ya nchi. Prosesa imepewa amri isiyoijua. Ni kama umekabidhiwa barua, mistari yote ya juu unaisoma, halafu unakuta herufi ambayo hukufundishwa. Prosesa haina ruhusa ya kuiruka herufi hiyo wala kuikisia. Inasimama, inaiita kerneli, msimamizi wa mfumo mzima, nayo inaiua programu.

Swali lililobaki lilikuwa ni amri gani hiyo. Mashine ya dada haina gdb, programu ya kuchunguzia makosa, lakini kerneli huacha alama yenyewe:

```
$ sudo dmesg | tail -1
traps: maji[2143] trap invalid opcode ip:55d0c3a01374
 sp:7ffd1c0be2a0 error:0 in maji[55d0c3a01000+1000]
```

(Nimekata mstari ili utoshee hapa.) Ile ip ni anwani ya amri iliyokataliwa, na namba iliyo ndani ya mabano ni mahali kipande cha programu kilipopakiwa. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza unabaki na 0x374. Kwenye programu yangu kipande hicho huanzia 0x1000, kwa hiyo amri yenyewe iko 0x1374. Nikaifunua programu:

```
$ objdump -d maji | grep ' 1374:'
    1374: c4 e2 f1 a9 c2  vfmadd213sd %xmm2,%xmm1,%xmm0
```

Hapo nikajua kosa ni la nani. Ni langu.

Amri zinazoanza na vfmadd ni za familia iitwayo FMA: zidisha na ujumlishe kwa mpigo mmoja. Na moyo wa programu ya maji ni kuzidisha na kujumlisha tu. Bahari hupanda na kushuka kwa kufuata mawimbi mengi yaliyolaliana, kila moja na kasi yake. Kubwa kuliko yote hapa kwetu ni lile liitwalo M2, la mwezi, linalorudi kila baada ya saa 12.42, na linalofuata ni S2, la jua, la saa 12 kamili. Yakipandana tunapata bamvua; yakipingana tunapata maji mafu. Mimi natumia mawimbi 8, na hesabu yake yote ni mistari miwili:

```
for (i = 0; i < 8; i++)
    h += A[i] * cos(w[i] * t + p[i]);
```

Ndani ya mabano kuna kuzidisha kisha kujumlisha. Nje ya mabano ni vilevile. Kompaila ikiruhusiwa kutumia FMA, hapa haihitaji kubembelezwa. GCC, kompaila ninayoitumia, kwa kawaida yake huunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja mara tu inapoambiwa kuwa prosesa inaiweza.

Na mimi ndiye niliyeiambia. Katika toleo jipya nilikuwa nimeandika faili la Makefile upya, na mstari wa swichi nikauchukua kutoka kazi nyingine ya hesabu za matriki niliyokuwa nikiiendesha kwenye laptopu yangu peke yake:

```
CFLAGS = -O2 -march=native
```

Swichi hii wengi huisoma kama "ongeza kasi". Inachosema hasa ni: uliza prosesa ya mashine hii unayokompailia, orodhesha amri zote inazozijua, kisha ujione huru kutumia yoyote kati yake. Kompaila huuliza siku ile, mahali pale, mara moja. Jibu linagandishwa ndani ya programu, na programu ikihamia kwingine haiulizi tena. Ukitaka kuona jibu ulilopata, ipo njia:

```
$ gcc -march=native -Q --help=target | grep -m1 -- '-march='
  -march=                     tigerlake
```

Laptopu yangu ina Core i5-1135G7, kizazi cha Tiger Lake. Inajua FMA na familia nyingine za amri kama AVX2, hata AVX-512. Mashine ya dada ni kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba, Core i5-2400, kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011. Nikaiuliza yenyewe:

```
$ grep -o -w -E 'avx|avx2|fma' /proc/cpuinfo | sort -u
avx
```

Inajua AVX. AVX2 haijui, FMA haijui. FMA iliingia kwenye prosesa za Intel na kizazi cha Haswell, mwaka 2013. Mashine hii iliwahi kuzaliwa kwa miaka miwili.

Hili pia ndilo linaloeleza kwa nini programu haikufa mlangoni. Ilikuwa imejaa amri za AVX kama vmovsd, na hizo i5-2400 inazielewa vizuri. Ikasoma faili la mawimbi, ikaandika kichwa, ikaingia kwenye kitanzi, ikapakia namba kwenye rejesta. Amri ya kwanza kabisa ya FMA ndiyo iliyoiangusha. Ningeijaribu pale dukani kwa kuomba maelezo tu ya matumizi, `./maji --help`, ingenijibu vizuri, nami ningerudi nyumbani nikiamini kila kitu kiko sawa. Programu ya namna hii inaweza kuwa na njia kumi salama na moja tu yenye amri ngeni, na njia hiyo isipitiwe hadi mwisho wa mwezi.

Kabla ya kutibu nilihakikisha sijachanganya ugonjwa, maana dalili hii ina ndugu zake. Ukipeleka programu ya Intel kwenye kompyuta ya ARM, haianzi kabisa, unaambiwa `Exec format error`. Ukiipeleka kwenye Linux ya zamani kuliko yako, unaambiwa toleo fulani la GLIBC halikupatikana. Anayefanana zaidi ni huyu: SIGILL ileile, lakini ukifunua amri iliyokataliwa unakuta `ud2`. Hiyo kompaila huiweka kwa makusudi mahali ambapo programu haitakiwi kufika kamwe. Ukiikuta, tafuta kosa ndani ya programu yako, na usiisumbue prosesa ya mtu. Kwa hiyo sikubali kusema "ni native" kabla ya kuiona amri yenyewe kwa macho.

Nilirudi nyumbani, nikafungua Makefile, nikafuta native, nikaandika make.

```
make: 'maji' is up to date.
```

Mstari huu umewaponza watu wengi, na ningekuwa na haraka ungeniponza na mimi. Make hulinganisha umri wa mafaili ya msimbo na umri wa programu. Makefile yangu haikuwa imetajwa popote kama kitu ambacho programu inakitegemea, kwa hiyo kubadilisha swichi hakukuhesabiwa kuwa mabadiliko. Ningenakili programu ileile kwenye flashi, nirudi Ngamiani, ife tena mahali palepale, nami nianze kutilia shaka utambuzi wangu uliokuwa sahihi. Dawa ni kufagia kwanza, kisha kuhesabu:

```
$ make clean && make
$ objdump -d maji | grep -c vfmadd
0
```

Kabla ya kufagia, hesabu hiyo ilikuwa ikitoa 2: moja ndani ya mabano, moja nje. Kama programu yako inaunganisha maktaba uliyoikompaili mwenyewe kuwa faili la .a, hesabu hii ni ya lazima zaidi. Amri ngeni zinaweza kutoka humo hata kama Makefile yako mwenyewe ni safi.

Sasa, badala ya native uandike nini? Usipoandika kitu, GCC kwenye mashine za kawaida za Intel na AMD za biti 64 hutumia amri za msingi ambazo prosesa zote za ukoo huo wanazijua. Hilo ndilo nililochagua. Kama unahitaji zaidi, tangu GCC 11 kuna ngazi zenye majina. `-march=x86-64-v2` inafika kwenye amri za SSE4.2, yaani mashine za Intel kuanzia takribani 2008. `-march=x86-64-v3` inaongeza AVX2 na FMA, yaani Haswell na kuendelea. Ubora wa majina haya ni kwamba unaamua sakafu wewe mwenyewe na kuiandika, badala ya kuiachia laptopu utakayokuwa umeishika siku hiyo. Mwakani nikinunua nyingine, native itabadilisha maana yake bila herufi moja ya Makefile kubadilika.

Tahadhari moja kuhusu v3, kwa sababu nimewahi kusikia fundi akisema "mashine zote za baada ya 2013 zinaiweza." Si kweli. Pentium Gold G5400 ilitoka mwaka 2018 na haina AVX hata ya kwanza. Kwa miaka mingi Intel ilizinyima Pentium na Celeron amri hizo huku ikizipa Core za kizazi kilekile, na Pentium na Celeron ndizo zilizomo kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu. Umri wa mashine haukujibu. Kinachojibu ni orodha iliyomo kwenye /proc/cpuinfo.

Kuna pia swichi inayofanana jina, `-mtune=native`, na watu huzichanganya. Hiyo hupanga amri kwa mpangilio unaoipendeza prosesa yako bila kuongeza amri mpya. Programu iliyokompailiwa hivyo itakimbia kwa dada, pengine polepole kidogo, lakini haitauawa. Anayeua ni march.

Nilijiuliza vilevile kama nilikuwa nimepata faida yoyote kwa kuiweka. Mwezi wa siku 30 wenye vipimo vya kila dakika 10 ni vipimo 4,320. Mara mawimbi 8 ni miito 34,560 ya cos. Nikapima matoleo yote mawili kwenye laptopu yangu kwa `time`, na yote yalimaliza chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Karibu muda wote unaliwa na cos, na cos haiko kwenye msimbo wangu. Iko kwenye maktaba ya glibc, ambayo imebeba ndani yake nakala kadhaa za cos, mojawapo ya FMA, na wakati wa kupakiwa huitazama prosesa na kuchagua inayofaa. Kwenye laptopu yangu ilikuwa ikitumia FMA hata bila swichi yangu. Kwa dada ilikuwa ikitumia nakala isiyo na FMA. Waliotengeneza maktaba ile wamefanya kwa uangalifu kile nilichokifanya mimi kwa pupa.

Njia yao iko wazi kwa yeyote mwenye hesabu nzito kweli. Unaiwekea alama fankisheni ile moja tu inayokula muda:

```
__attribute__((target_clones("arch=haswell","default")))
double urefu(double t);
```

Kompaila itatengeneza nakala mbili za fankisheni hiyo ndani ya programu moja, na programu itachagua inapoanza. Faili linanenepa kidogo, basi. Mimi sikuiweka, kwa kuwa vipimo vimenionyesha hakuna cha kuokoa.

Kwa kuwa nilikuwa nalinganisha, niliyatoa matokeo ya matoleo mawili kwa tarakimu zote. Hayakuwa sawasawa hadi mwisho. Tarakimu za mwishoni kabisa zilitofautiana. FMA hukadiria mara moja badala ya mara mbili, kwa hiyo tofauti hiyo ni halali. Jedwali la nahodha linaishia kwenye sentimita na haliwezi kuiona, lakini anayelinganisha matokeo ya mashine mbili herufi kwa herufi itamshtua.

Kitu cha mwisho nilichofanya kabla ya kuchomeka flashi ni kutafuta namna ya kuiona mashine ya zamani bila kupanda bodaboda. Kifurushi cha qemu-user kinaweza kuigiza prosesa usiyokuwa nayo. Nikaanza na programu ile mbovu, ili nijue kipimo chenyewe kinafanya kazi:

```
$ qemu-x86_64 -cpu Nehalem ./maji-mbovu 2024-05
qemu: uncaught target signal 4 (Illegal instruction) - core dumped
```

Nehalem ni ya nyuma zaidi ya mashine ya dada, haina AVX hata kidogo, kwa hiyo inakamata mapema zaidi. Kisha nikaendesha ile mpya, na jedwali likatoka lote, polepole kwa sababu ya uigizaji. Mstari huo sasa umo kwenye Makefile, katika hatua ileile inayonakili programu kwenye flashi. Ukishindwa, kunakili hakufanyiki.

Saa kumi na moja jioni, flashi ikiwa imeshamfikia, nilimpigia dada. Alibonyeza ile alama huku simu ikiwa sikioni, akakaa kimya kidogo, kisha nikasikia printa ikivuta karatasi. "Kurasa mbili," akasema. "Mzee bado yupo hapa nje, ngoja nimpe."